Kalenda ya duka la nguo huanzia siku ya Idi, kisha hurudi nyuma

Maduka mengi ya nguo, yawe ya Kariakoo, ya Darajani au yale yasiyo na mlango ambayo huuzia kwenye simu tu, huanza kutangaza nguo za Idi siku mwezi wa Ramadhani unapoandama. Asubuhi ya funga ya kwanza kurasa zote zina picha ya fanusi, mwezi mchanga na maneno ya kutakiana heri. Kesho yake zinafuata kanzu, keshokutwa abaya, na kufikia funga ya kumi mwenye duka hana jipya la kusema. Anarudia picha zilezile hadi siku mbili tatu kabla ya sikukuu, wakati ambao wateja humiminika na yeye hana hata nafasi ya kushika simu.

Siku hizo kumi za mwanzo mama wa nyumbani anapiga hesabu ya unga wa ngano, sukari, tende, magimbi na nazi. Bajeti ya mwezi mzima inajengwa jikoni. Nguo zitafuata, lakini bado. Tangazo la "nunua sasa" katika siku hizo humfikia mtu ambaye hana shida ya nguo, na atakapokuwa na shida hiyo atakuwa amekwisha kuizoea picha yako kiasi cha kuipita bila kuiona.

Ndiyo maana ninapokaa na mwenye duka kupanga kalenda ya maudhui, yaani orodha ya nini kitatangazwa, lini, wapi na kwa maneno gani, hatuanzi na Januari, wala na funga ya kwanza. Tunaanza na asubuhi ya Idi, mtoto akiwa amekwisha kuvaa, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Nguo lazima iwe imefika nyumbani. Kabla ya kufika imesafirishwa au imepunguzwa kwa fundi. Kabla ya hapo imelipiwa, na kabla ya kulipiwa mtu ameiona, ameuliza bei, ameuliza saizi, amemwonyesha dada yake. Kila hatua ina siku zake, na tangazo la kila hatua lina kazi yake.

Tuchukue duka moja la mfano, la ukubwa wa kawaida: lipo Kariakoo, linauza abaya, kanzu na nguo za watoto, lina wateja wa Dar es Salaam, wa Zanzibar na wa mikoani, na lina wahudumu watatu. Tulipangie Idi el-Fitri ya mwaka 2027.

Kwa hesabu za wanajimu, Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na Idi kuangukia karibu na tarehe 10 Machi. Nasema karibu kwa sababu mwezi wa kiislamu una siku 29 au 30, na anayekata shauri ni mwandamo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani husogea nyuma kwa siku kumi hadi kumi na mbili katika kalenda ya ukutani. Kalenda ya mwaka jana haiwezi kunakiliwa kwa kubadilisha mwaka tu. Ukifanya hivyo, matangazo ya wiki ya mwisho utayatoa Idi ikiwa imepita.

Dawa yake ni kutoandika tarehe kabisa. Kila shughuli iandikwe kwa umbali wake na Idi: siku 100 kabla, siku 45 kabla, siku 12 kabla. Anayetumia jedwali kwenye kompyuta au simu aweke tarehe ya Idi inayotarajiwa katika kisanduku kimoja tu, tuseme B1, kisha kila mstari uhesabiwe kutoka hapo. Mstari wa siku 45 kabla ya Idi utakuwa hivi:

```
=$B$1-45
```

Mwaka ukibadilika, unabadilisha kisanduku kimoja na jedwali zima linajipanga upya. Mwezi ukiandama siku moja tofauti na ulivyotarajia, ni vilevile. Asiyetaka kompyuta anaweza kufanya jambo hilohilo kwa daftari lenye safu mbili, moja ya umbali kwa wino na nyingine ya tarehe kwa penseli.

Lakini jedwali hilo linasogeza mambo ya Ramadhani tu. Mshahara hausogei, ada ya shule haisogei, Krismasi haisogei. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokosea. Kila mwaka inabidi kukaa na kalenda mbili, ya mwezi na ya ukutani, na kuuliza: fedha ya mteja inaingia funga ya ngapi?

Mwaka 2026 Ramadhani ilikuwa ya katikati ya Februari hadi karibu na tarehe 20 Machi. Mshahara wa Februari uliwakuta watu kwenye kumi la kwanza, wakati wa jikoni, na wa Machi ulikuja Idi ikiwa imekwisha. Mwaka 2027 mambo ni mazuri zaidi kwa muuza nguo. Mshahara wa Februari utaingia karibu na funga ya kumi na saba hadi ishirini, yaani kwenye mlango wa kumi la mwisho, pale hasa nguo zinaponunuliwa. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 28 Januari na Idi kuwa karibu na tarehe 26 au 27 Februari. Aliyeajiriwa atapata mshahara kwenye funga ya ishirini na nane au ishirini na tisa, na ule wa Januari utakuwa umekwenda kwenye ada, sare na madaftari. Miaka mitatu, Idi tatu, na kila moja inataka mpango wake. Duka lililouza vizuri 2027 na kurudia mpango huohuo 2028 litakaa na mzigo hadi siku mbili za mwisho, kisha lishindwe kuwahudumia wote waliokuja kwa mkupuo.

Si kila mteja ana mshahara, bila shaka. Dereva wa bodaboda, mama wa genge na mwenye kibanda hupata fedha ya kila siku, nao huweka kidogo kidogo na kununua mwishoni kabisa. Kwa hao wiki ya mshahara haina maana. Maana iko kwenye bei iliyoandikwa wazi na kwenye ruhusa ya kulipa kwa awamu.

Turudi kwenye duka letu na kuanza kurudi nyuma kutoka tarehe 10 Machi 2027.

Mzigo ndio wa kwanza kubana. Abaya na nguo za watoto zinazouzwa Kariakoo, sehemu kubwa hutoka China, nyingine Dubai na Uturuki. Kontena la kutoka Guangzhou kwa meli, tangu kupakiwa mpaka kutolewa bandarini, linaweza kuchukua mwezi mmoja na nusu, na likikwama kwenye foleni au karatasi linazidi hapo. Mwaka 2027 kuna jambo jingine: Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia tarehe 6 Februari, siku mbili tu kabla ya Ramadhani. Viwanda hupunguza kazi wiki kadhaa kabla, wafanyakazi wakirudi makwao, na huchukua muda kurudi katika kasi yake. Anayefikiri ataagiza mwanzoni mwa Januari atakuta milango inafungwa. Oda ya duka letu inatakiwa iwe imekubaliwa Novemba na mzigo uwe melini kabla ya nusu ya Desemba, ili ufike mwisho wa Januari.

Sasa maudhui yanahusianaje na meli? Yanahusiana kwa picha. Mzigo ukifika mwisho wa Januari na Ramadhani ianze wiki inayofuata, hakuna muda wa kupiga picha kwa utulivu. Kwa hiyo mwenye duka aombe sampuli, kipande kimoja cha kila mtindo, zije kwa ndege Desemba. Gharama ya kilo chache hizo inalipa. Wiki ile baada ya Krismasi, duka likiwa tulivu, ndiyo ya kupiga picha na video za Idi nzima.

Picha ya abaya nyeusi inataka subira. Simu ikiona kitambaa cheusi kimejaza kioo huamini kwamba mahali pana giza, hivyo huongeza mwanga, na weusi unageuka kijivu cha nguo iliyofuliwa mara nyingi. Bonyeza kwenye kitambaa chenyewe, kisha ushushe mwanga kwa kidole mpaka weusi urudi. Mvaaji asimame karibu na mlango, mwanga umjie kwa ubavuni na si usoni, hapo ndipo darizi ya mkononi na mikunjo vinaonekana. Halafu atembee hatua sita kwenda na kurudi, urekodi sekunde kumi. Mnunuzi wa abaya ya nida ananunua namna kitambaa kinavyoanguka, na picha iliyosimama haiwezi kumwonyesha hilo. Mwisho piga picha moja ya futi ya kupimia ikiwa imelazwa toka begani hadi kwenye pindo. Abaya huuzwa kwa inchi, 52, 54, 56, 58, 60, na nusu ya maswali yatakayokuja usiku wa manane ni ya urefu. Picha hiyo moja, yenye maelezo ya kwamba mtu ajipime toka begani hadi kifundo cha mguu, itakuokolea mazungumzo mengi.

Novemba na Desemba zenyewe ni msimu wa mwisho wa mwaka, na duka letu halitaki kuupoteza. Msimu huu nao nauhesabu kurudi nyuma, ila si kutoka tarehe 25 Desemba. Naanzia siku watu wanapopanda basi. Familia nyingi za Dar es Salaam, na wenyeji wa Kilimanjaro wanajulikana kwa hili kuliko wote, huondoka kwenda nyumbani wiki moja au zaidi kabla ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa. Anayekwenda Moshi na watoto wanne hanunui nguo tarehe 23. Amenunua kabla ya kufunga begi. Kwa hiyo tangazo kuu la nguo za watoto liko kati ya mwisho wa Novemba, mshahara ukitoka, na katikati ya Desemba. Baada ya hapo maneno yanabadilika, unazungumza na waliobaki mjini na wanaonunua dakika za mwisho, nao unawaambia duka linafungwa saa ngapi na saizi zipi zimebaki. Tarehe 26 Desemba picha za Krismasi zinatoka kwenye ukurasa. Kama duka lina sare za shule, zamu yake imefika. Kama halina, linyamaze kidogo. Wiki tatu za Januari mzazi yeyote ana orodha ya shule mkononi, na kumtangazia gauni ni kumchosha tu.

Ukimya huo una kazi yake. Januari ndiyo unazungumza na wateja wako wa zamani mmoja mmoja. Katika WhatsApp, orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na ujumbe huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako. Duka lenye wateja elfu moja walionunua Idi iliyopita linaweza kuwaandikia kwa orodha nne au tano, wa abaya kivyao, wa kanzu kivyao, wa watoto kivyao. Ujumbe uwe mfupi: mzigo wa Idi unakuja, unaweza kuanza kuweka fedha kidogo kidogo na nguo ikaandikwa jina lako. Kwa 2027 malipo ya awamu yaanze siku 45 kabla, yaani karibu na tarehe 24 Januari. Hapo utajua mapema mtindo upi unapendwa, kwa sababu watu watakuwa wameweka fedha juu yake.

Februari ina mteja mwingine ambaye wengi humsahau. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani, na Tanzania nzima vikundi, ofisi na vyama hushona sare za kitenge kwa maandamano ya siku hiyo. Mwaka 2027 siku hiyo itaangukia funga ya ishirini na tisa au karibu yake. Maana yake mafundi wanaoshona sare za Siku ya Wanawake ndio haohao wanaopunguza kanzu na kukunja abaya za Idi, wiki ileile. Fundi mzuri hufunga daftari la oda katikati ya mwezi wa kufunga, na mwaka huo atalifunga mapema zaidi. Duka letu liseme hivyo wazi kwenye ukurasa wake siku 30 kabla ya Idi: nguo zinazohitaji kupunguzwa zinapokelewa mpaka funga ya kumi na mbili. Na kama linauza kitenge cha vikundi, habari hiyo haina haja ya kwenda kwa umma. Iende kwa wenyeviti na makatibu wa vikundi, kwenye simu zao, nusu ya pili ya Januari.

Ramadhani yenyewe, waumini huigawa katika makumi matatu, ya rehema, ya maghufira na ya kuachwa huru na moto. Muuzaji asiyatumie majina hayo kuuzia nguo. Maneno ya ibada yabaki kwenye ibada. Vilevile aya na hadithi zisibandikwe juu ya picha yenye bei. Ila mgawanyo wa siku kumi kumi unamfaa, kwa kuwa maisha ya nyumbani nayo hubadilika hivyohivyo.

Katika kumi la kwanza duka lionyeshe bila kusukuma. Kitambaa hiki kinaitwaje, kinafuliwaje, hijabu ya pamba na ya shifoni zinatofautianaje kwenye joto la Februari, kofia iliyodariziwa kwa mkono hutunzwaje isipoteze umbo. Posti tatu au nne kwa wiki zinatosha. Nguo za kuendea tarawehe, dera pana na mtandio mwepesi, zinauzika siku hizi kwa sababu zinahitajika usiku huohuo.

Kumi la pili ndilo la kuchagua. Hapa kila posti iwe na bei, saizi zilizopo na mahali duka lilipo. Kuna mtindo wa kuandika "njoo inboksi kwa bei" ambao mimi naupinga kwa nguvu zote. Mtu aliyefunga, ambaye amebaki na nusu saa kati ya tarawehe na usingizi, hana muda wa kuomba bei kama anayeomba siri. Atapita kwenye ukurasa unaofuata. Na wewe mwenye duka utabaki na jumbe mia mbili za "bei gani?" usizoweza kuzijibu, ambazo tatu tu kati yake zingekuwa mauzo.

Saa za kutangaza nazo zinageuka mwezi huu. Dar es Salaam, Februari na Machi, jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 12:50 jioni. Saa nzima kabla ya hapo watu wako jikoni au barabarani wakikimbilia futari, na baada yake wako mezani, kisha msikitini. Posti ya saa 12 jioni, ambayo miezi mingine ni saa nzuri, inapotea. Zinazobaki ni saa 4 hadi 6 mchana, kisha kuanzia saa 3:30 usiku watu wanapotoka tarawehe, na kwa ajabu yake saa 10 alfajiri, wakati wa daku, watu wakiwa macho na simu zi mikononi. Mhudumu mmoja wa duka letu apangiwe zamu ya usiku ya kujibu maswali hadi saa 5. Posti nzuri isiyo na wa kuijibu usiku huo huo imeharibika.

Muziki pia uangaliwe. Wateja wengi huuepuka mwezi huu, hivyo video iliyotiwa wimbo wa klabu itawakimbiza hata kama nguo ni nzuri. Sauti ya anayeeleza kitambaa inatosha. Na kuhusu zile picha za fanusi, ngamia na majangwa, sioni kwa nini duka la Kariakoo liazime sikukuu ya watu wengine. Zanzibar Idi husherehekewa siku nne, watoto wakipelekwa viwanjani jioni, na familia zenye uwezo humvisha mtoto nguo tofauti Idi mosi, Idi pili, Idi tatu. Mombasa, Tanga na Bagamoyo nao wana viwanja vyao vya sikukuu. Mwonyeshe mteja mtoto amesimama kwenye baraza ya nyumba ya Ng'ambo ameshika mia tano yake, atamjua ni nani. Na ukijua desturi ya siku nne, unajua pia kwamba mteja wa Zanzibar umtangazie seti tatu kwa bei ya pamoja, na wa Dar umtangazie seti moja nzuri na viatu.

Kumi la mwisho, kwa 2027, litakuja na mshahara mkononi. Kuanzia funga ya kumi na nane duka liposti kila siku, mara mbili, na posti zenyewe ziwe fupi kabisa: kilichobaki, bei, mwisho wa kutuma. Siku za mwisho za kutuma mzigo ziandikwe kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote. Kifurushi kinachopelekwa kituo cha Magufuli pale Mbezi kwenda Mwanza au Kigoma, hata kama basi linafika kesho yake, kinaweza kulala ofisini siku moja kwa wingi wa mizigo ya sikukuu, na mteja naye anahitaji nafasi ya kubadilisha saizi. Mimi huweka funga ya ishirini na mbili kwa mikoa ya mbali, ishirini na tano kwa Morogoro, Tanga na Dodoma, ishirini na saba kwa Zanzibar ambako boti huenda kila siku. Baada ya siku hizo ukurasa useme: sasa tunahudumia wa Dar pekee. Atakayeagiza kutoka Kigoma funga ya ishirini na saba akapokea nguo Idi pili hatanunua kwako tena, na ana haki.

Kosa kubwa la siku hizi za mwisho ni kutangaza kilichokwisha. Linatokea hivi: picha inayopendwa inaendelea kuzunguka, watu wanaipelekeana kwenye makundi, na dukani zimebaki inchi 52 na 60 tu. Dalili yake iko kwenye maswali. Ukiona "56 ipo?" inakuja mara kumi kwa jibu moja la "imekwisha", ondoa picha ile ukurasani mara moja, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa hiyo jedwali letu liwe na safu ya mzigo uliobaki kwa saizi, ijazwe kila usiku duka likifungwa, na posti ya kesho ichaguliwe kutoka hapo. Dalili nyingine: wakiuliza wengi, wakaambiwa bei, kisha wakanyamaza, bei ndiyo shida, na ni bora ulijue hilo funga ya kumi na tatu kuliko ya ishirini na nane. Wasipouliza kabisa, picha ndiyo shida au saa uliyoitoa.

Halafu unakuja usiku wa mwandamo. Salamu ya Idi iandaliwe mapema, lakini isipangwe kujitoa yenyewe kwa saa. Tanzania Mufti hutangaza usiku baada ya taarifa za mwezi kupokelewa, Kenya ni Kadhi Mkuu, na kila mwaka wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa kimataifa wakasali siku moja kabla ya wenzao. Duka lenye wateja wa pande zote lisijiingize. Salamu itoke baada ya tangazo, iandikwe bila tarehe, na isiwe na bei wala picha ya bidhaa. Na kama mwezi haukuonekana, una siku nzima ya ziada ya kuuza, ambayo wengi huipoteza kwa kutojiandaa. Kuwe na posti moja tayari kwa ajili ya funga ya thelathini: duka liko wazi kesho hadi saa 6 usiku, saizi hizi zipo.

Baada ya Idi ukurasa ukae kimya siku tatu hadi nne, zaidi ya picha za wateja walioruhusu zitumike. Mzigo uliobaki nao una njia zake. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, siku kumi na nane tu baada ya Idi, na Kwaresima itakuwa imeanza tarehe 10 Februari, pamoja na Ramadhani. Hivyo harusi za pande zote mbili zitakuwa zimesimama kwa muda mmoja, na baada ya Pasaka zitafunguka kwa pamoja. Magauni na suti za watoto zilizobaki zipigwe picha upya, kwa mandhari nyingine na maneno mengine, zitangazwe kwa Pasaka. Usibadilishe maandishi tu juu ya picha ya Idi, watu wataijua. Kanzu haziingii hapo, wala zisipunguzwe bei kwa haraka, kwa sababu misimu ya ndoa inafuata na Idi el-Haj itakuwa karibu na tarehe 16 au 17 Mei. Idi hiyo ni ndogo kwa muuza nguo, ingawa huitwa Idi kubwa. Fedha ya wengi huenda kwenye mnyama wa kuchinja, na wiki mbili za matangazo zinaitosha.

Wiki ya pili ya Shawwal, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, wahudumu wote watatu wakae na jedwali. Wasome safu ya mzigo uliobaki, wahesabu maswali yaliyokosa jibu, waone ni posti zipi zilileta watu mlangoni na zipi zilipendwa tu. Kisha B1 iandikwe tarehe ya Idi ya 2028. Jedwali litasema malipo ya awamu yaanze karibu na tarehe 12 Januari, siku 45 kabla, na hapo ndipo mtu mwenye akili ya duka inabidi alikatalie jedwali. Januari hiyo mzazi hana kitu, na mshahara wa Februari utamkuta Idi ikiwa imebaki siku moja au mbili. Mstari huo uvutwe hadi mwisho wa Novemba 2027, pamoja na tangazo la nguo za Krismasi, ili aliyepata mshahara wa Novemba aweke nusu ya bei ya kanzu kabla shule hazijafunguliwa, na oda ya Guangzhou nayo isogezwe iende Oktoba.